Nafasi Niliyomwachia Kukhu

Jumapili, 9 Machi 2025

Leo Mjomba Hezekiah ameniita kwenye kamati. Nilidhani kuna mtu amefariki, maana kamati yake ni ileile ya mazishi: viti vilevile vya plastiki, daftari lilelile, mke wake Gentrix akipitisha chai ileile isiyo na sukari ya kutosha. Kumbe ni sherehe. Tarehe 31 Mei mama yake, yaani bibi yangu, Kukhu Navalayo, atafikisha miaka themanini. Tarehe yenyewe ameichagua Mjomba, kwa sababu kitambulisho cha Kukhu kinasema tu 1945.

"Maurine, wewe ni mwalimu wa Kiswahili," akasema. "Utatuandikia ujumbe. Ukurasa moja tu. Historia ya mama, watu wasikie ametoka wapi. Utasoma wewe mwenyewe."

Nikasema sawa, Mjomba. Nikasema kwa upole hata Gentrix akanitazama mara mbili.

Hawajui wamenipa nini. Miaka minne iliyopita mwanamume huyu alisimama langoni na kusema mama yangu, Kageha, dada yake wa tumbo moja, hawezi kupita hapo akiwa ndani ya jeneza kwa sababu aliacha ndoa akarudi kwao. Binti aliyerudi hazikwi mbele ya nyumba. Alikata ua nyuma, kwenye migomba, tukampitisha Mama hapo kama gunia la mahindi ya wizi. Sijamjibu tangu siku hiyo. Sasa amenipa kipaza sauti na watu mia mbili. Nitamjibu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la chumba changu hapa Shirere linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda kwa Kukhu, ng'ambo ya Khayega, na kalamu mbili na daftari jipya. Nimerudi na nusu ukurasa.

Kosa ni langu. Nilimuuliza kama karani wa sensa: ulizaliwa lini, uliolewa lini, ulibatizwa lini? Alijibu "zamani" mara tisa. Kisha akachoka akauliza kama nimekula.

Jioni hii nimejiwekea utaratibu. Sitauliza tarehe tena, nitauliza vitu: chungu cha kwanza ulichouza alinunua nani? Nani alikufundisha kazi? Ulikuwa unagombana na nani sokoni? Tarehe nitazitafuta mwenyewe baadaye. Na kuna maneno ambayo hayataingia katika ujumbe huu hata kwa bakora. Sitaandika uzee, wala mvi, wala "bado ana nguvu," wala "Mungu amemwongezea siku." Hata themanini yenyewe siitaki. Mtu ukimwambia bado ana nguvu umeshamwambia unashangaa.

Hiyo ni kwa ajili yake. Kwa ajili ya Mjomba nina aya moja tayari, sitaki hata kuiandika hapa kabla haijaiva.

Alhamisi, 20 Machi

Rasimu ya kwanza. Niliiandika shuleni darasa la saba wakifanya mtihani, nikajiona hodari. Jioni nikamsomea Kukhu kwa simu: "Navalayo alizaliwa katika familia ya watoto tisa. Alikuwa mfinyanzi mwenye bidii. Alibarikiwa na watoto wawili..."

Akanikatiza:

"Maurine, mmenizika lini?"

Nikacheka, lakini aibu ilinishika. Ni kweli. Sisi hapa historia ya mtu tunaisikia mara moja tu, siku ambayo yeye hasikii. Hakuna aliyewahi kutufundisha kumsimulia mtu akiwa ameketi mbele yetu anatafuna. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye "alikuwa" na "alibarikiwa," nikamweka bibi wa watu kwenye jeneza bila kujua.

Nimeichana. Nitamwandikia yeye moja kwa moja: wewe, ulifanya, unafanya. Anayeambiwa "wewe" lazima awe hai.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nilimkuta shambani anapanda maharagwe, nikashika jembe. Mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. Amesema saa tatu mfululizo.

Alikuwa anaonja udongo. Sikujua! Walipokuwa wanachimba ukingoni mwa mto, yeye aliweka kidogo kwenye ulimi, akatema, akasema "huu" au "huu hapana," na wanawake wengine hawakuchimba kabla hajatema. Chungu kilichovunjika hawakukitupa. Walikisaga, wakachanganya unga wake na udongo mpya ili chungu kipya kisipasuke motoni. Amewafundisha wasichana kumi na mmoja kazi hiyo. Amewataja wote kwa majina, na tabia zao, na waume zao wabaya.

"Na Mama?" nikauliza.

"Kageha alijuanga kuliko wote." Akapiga jembe mara tatu. "Shimo la udongo liliniangukia, mguu ukavunjika. Nilikaa chini miezi mitatu. Kageha ndiye alichimba. Alikuwa anabeba vyungu vitatu kwa kichwa mpaka soko ya Khayega na anarudi anapika. Hezekiah alikuwa mdogo, anaenda shule."

"Mama aliacha shule ndio Mjomba aende?"

Akasema mvua inakuja, tuingie.

Basi nimepata aya yangu. Mjomba anapenda kusimulia kanisani jinsi alivyosoma kwa taa ya koroboi bila msaada wa mtu. Bila msaada wa mtu! Nitamsimulia mimi aliyekuwa chini ya vile vyungu vitatu, naye ameketi mstari wa mbele na suti yake ya kijivu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua tangu saa nane. Nimepima: kwa sauti ya kusoma mbele za watu, bila haraka, nusu ukurasa wangu ni karibu dakika moja. Dakika tatu zinatosha. Baada ya hapo watu huanza kutazama sufuria.

Jumamosi, 12 Aprili

Mjomba amenipigia nimpelekee rasimu mjini, nikampelekea ile ya usoni, isiyo na aya yake. Ile nyingine iko kwenye mkoba, imekunjwa mara nne.

Alisoma akiwa amesimama nje ya ofisi, miwani kwenye pua. "Hii ya kuonja udongo itoe. Watu watasema mama alikula matope. Weka vile amelea watoto akawafikisha chuo kikuu."

"Watoto au mtoto?"

Akanitazama juu ya miwani. "Na pia, Maurine. Kwa sherehe ya furaha hatutaji marehemu. Inaleta huzuni. Umeelewa?"

"Marehemu yupi, Mjomba?"

"Umeelewa," akasema, na hapo halikuwa swali tena.

Nilitembea mpaka stendi. Hataki hata atajwe. Kumpitisha kwenye tundu la ua hakukutosha, sasa anataka kuliziba.

Nimeongeza sentensi mbili kwenye ile ya mkobani.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimepalilia kaburi la Mama. Migomba imelisogelea. Ua ule aliokata Mjomba hajaurekebisha mpaka leo, ameweka bati bovu tu. Nilimwambia Mama asubiri kidogo.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeenda kuhakikisha habari zangu kwa Dinah, rafiki wa Kukhu, aliyechimba naye udongo. Usimwandikie mtu maisha kwa kutegemea kumbukumbu moja, hata iwe yake mwenyewe. Dinah amesahihisha mambo mawili: vyungu vilikuwa vitatu siku za soko tu, na mguu uliovunjika ni wa kushoto. Kisha akasema, "Kageha alikuwa na akili sana. Sisi wote tulishangaa akikosa kuitwa sekondari." Akaendelea kumenya njugu.

Mama naye alikuwa akiniambia hivyohivyo. "Mimi sikuitwa, Maurine. Wewe ukiitwa uende." Alinisomesha kwa maneno hayo.

Jumamosi, 3 Mei

Sijui nianze wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilifika kwa Kukhu saa nne. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na njia ilikuwa tope tupu. Alikuwa jikoni anasonga obusuma, ugali wetu. Nilikuwa nimebakiza jambo moja tu la kuuliza, nikauliza kwa wepesi, nikiwa bado navua viatu: "Kukhu, Dinah anasema Mama alikuwa na akili. Ilikuwaje hakuitwa sekondari?"

Akaacha mwiko ndani ya sufuria. Akaketi kwenye kigoda. Nikadhani ameumwa.

"Aliitwa," akasema.

Nikamwambia hapana, Mama mwenyewe alisema.

"Nakwambia aliitwa. Barua ilikuja. Aliileta mwalimu, Kageha akiwa mtoni. Mimi sijui kusoma, wewe unajua. Nilikuwa nimelala na mguu wangu. Nikamwita Hezekiah, nikamwambia soma. Alikuwa na miaka kumi. Akasoma. Ilikuwa ya Kizungu, akawa anasoma na kunieleza, anasoma na kunieleza, mpaka mwisho."

"Halafu?"

"Halafu nikafikiria. Nani atachimba? Nani atapika? Kageha akienda, sisi wawili tutakula nini? Nikamwambia Hezekiah, dada yako asijue. Ukisema, na wewe hutaenda shule tena. Nikaweka barua kwa moto ya vyungu. Tulichoma vyungu siku hiyo. Kageha mwenyewe ndiye alikuwa anaongeza nyasi juu."

Obusuma ilianza kuungua, hakuna aliyeinuka. Nikauliza, "Alijua lini?"

"Hakujua. Alikufa akijua alishindwa."

Nimeishi miaka ishirini na tisa na sijawahi kutaka kumpiga mtu mzima. Leo nilitaka. Nilimwangalia akiwa kwenye kigoda chake, mikono magotini, na nilitaka kuinua ile sufuria. Badala yake nikasema maneno. Nilimwambia amemuua Mama mara mbili, kwanza yeye halafu mwanawe. Nilimwambia asinitarajie tarehe 31, na ujumbe wake aandikiwe na moto.

Alisikiliza yote. Hakulia. Angelia ningemwacha, lakini hakulia, kwa hiyo nikaendelea. Nilipomaliza akasema tu, "Vaa viatu vyako, utateleza."

Nilitembea mpaka barabarani kwenye mvua nikiwa nimevibeba mkononi.

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 6 Mei

Nimeandika ujumbe mpya. Una kurasa nne na ndani yake yupo kila mtu: Mjomba, ua, barua, moto, nyasi. Yeye pia yupo. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Kila sentensi ina kisu. Nimeusoma kwa sauti mara tatu, na mara ya tatu jirani amegonga ukuta.

Nitakwenda tarehe 31. Nitakwenda, tena nitavaa vizuri.

Alhamisi, 8 Mei

Sasa naelewa kwa nini Mjomba hawezi kulitamka jina la Mama. Si mila hata kidogo. Mtu akikaa miaka arobaini na tano mbele ya mtu aliyemnyima kitu, akila chakula chake, ataanza kumchukia yule aliyemkosea. Mwisho wake atamtafutia kosa lolote, hata la ndoa, apate kumpitisha nyuma.

Namwelewa, lakini kumwelewa hakujanipunguzia chochote.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua ya mawe. Madirisha mawili ya darasa la nane yamevunjika.

Jumamosi, 17 Mei

Sydney wa duka la kuchapisha amenipigia: "Madam, kuja uone programu kabla niprinti, mzee wako ameshaapprove." Nikaenda.

Jalada: picha ya Kukhu, na wingu, na njiwa wawili. Chini yake, kwa herufi za dhahabu: HISTORIA FUPI YA MAISHA YA MAMA NAVALAYO. Ndani: "Ameacha mtoto mmoja, Hezekiah, na wajukuu sita."

"Sydney," nikasema, "huyu mama yuko hai."

Akatazama skrini. "Waah. Nilitumia ile template ya matanga, madam. Ndio watu huagizanga. Nitatoa 'ameacha.' Niweke nini?"

"Na hiyo 'mtoto mmoja'?"

"Hiyo ni mzee mwenyewe aliandika. Nimepewa kwa karatasi, hii hapa."

Ni mwandiko wake. Mtoto mmoja. Aliweza kushika kalamu na kuandika hivyo.

Nilimwambia Sydney aondoe njiwa, wingu, na ukurasa wote wa historia. Aache wazi na kuandika "Ujumbe utasomwa." Akasema mzee atakasirika. Nikamwambia mzee anipigie. Hajapiga.

Jumatano, 21 Mei

Leo nimezisoma tena zile kurasa nne, kama ninavyosahihisha insha za wanafunzi, na kalamu nyekundu. Nimeona kitu ambacho sikutaka kukiona. Kukhu hayumo. Yumo mtu aliyechoma barua, basi. Mwonja udongo hayumo, wala mwalimu wa wasichana kumi na mmoja. Anayejaza karatasi ni mimi. Ni maisha yangu, na hasira yangu, zimevishwa kitambaa chake cha kichwa.

Mjomba alifuta mtu mmoja, na mimi nimefuta mwingine.

Nimekasirika zaidi. Nilitaka sana kuusoma.

Jumamosi, 24 Mei

Nimerudi kwa Kukhu. Hatukuamkiana sana. Nikamwambia nimeleta ujumbe, nataka asikie kabla ya watu, kwa sababu haifai mtu kusikia maisha yake kwa mara ya kwanza akiwa ameshikwa na kamera.

Nikamsomea ule mfupi. Udongo, vigae, wasichana, na Mama akibeba vyungu. Nilikuwa nimemweka Mama, Mjomba apende asipende. Barua sikuiweka. Niliona ni haki yake siku hiyo, na hiyo haki nilimpa shingo upande.

Alisikiliza amefumba macho. Mwisho akasema, "Mama huyu ni mzuri. Mimi simjui."

"Kukhu, ni wewe."

"Barua iko wapi?"

Nikamwambia barua haisomwi siku ya keki. Nikamwambia watu watamcheka, na wengine watamtukana, na mimi sitaki kuwa mtu wa kumtukanisha. Nilijisikia nikisema hivyo na sikuamini ni mimi.

"Uliniambia nimemuua mara mbili," akasema. "Sasa unataka tumfiche mara ya tatu? Hapo pa Kageha, ukimaliza vyungu, nyamaza. Usiandike kitu. Acha nafasi. Nitasema mwenyewe."

"Utasema nini?"

"Nitajua nikisimama."

Tulipima pamoja mahali pa kunyamaza. Nilisoma sentensi kwa sentensi, yeye akainua kidole: hapa. Nikachora mstari mtupu kwenye karatasi. Kisha akataka nibadilishe mwisho. Nilikuwa nimeandika tunamwombea maisha marefu. "Hayo mmeniombea mpaka nimechoka. Waambie kuhusu maharagwe."

Ijumaa, 30 Mei

Mjomba amepiga simu mwishowe. "Umemtoa yule?" Nikamwambia atasikia kesho. Zile kurasa nne bado zimo mkobani. Nikiona Kukhu ameogopa, nitazitoa.

Jumamosi, 31 Mei

Tulianza saa nne asubuhi ili mvua isitukute. Turubai mbili, watu kama mia mbili, ingokho, kuku wetu wa kienyeji, kwenye sufuria sita. Kukhu alivaa gauni la bluu na alikataa kuketi kwenye kile kiti chenye maua ya plastiki. Aliketi kwenye kiti chake cha jikoni. Mjomba alikuwa mstari wa mbele, suti ya kijivu, kama nilivyomwota.

Kwaya iliimba. Mchungaji aliomba. Kisha Osiako, mshereheshaji, akaniita. Nilipopita mbele ya Mjomba alinong'ona, "Kumbuka tulivyosema." Nikafungua mkoba. Vidole vyangu viligusa zile kurasa nne na ile karatasi fupi. Nilimtazama Kukhu. Hakuwa ameogopa. Nikatoa ile fupi. Ujumbe nauandika hapa kama nilivyousoma:

*Kukhu Navalayo,*

*Wewe unajua udongo kwa ulimi. Uliuonja ukingoni mwa mto, ukatema, ukasema "huu," ndipo majembe yakainuka. Wanawake wa Khayega hawakuchimba kabla hujatema.*

*Uliwafundisha wasichana kumi na mmoja kufinyanga, na hukumficha hata mmoja ujuzi wako. Uliwaonyesha kusaga chungu kilichovunjika na kukichanganya na udongo mpya, ili kipya kisipasuke. Wanne kati yao wameketi hapa, na wanabishana hadi leo nani ulimpenda zaidi.*

*Chungu kilipopasuka motoni ulicheka kwanza, ndipo ukatukana.*

*Shimo lilipokuangukia na mguu wa kushoto ukavunjika, binti yako Kageha alishika kazi. Alichimba, akafinyanga, akachoma. Siku za soko alibeba vyungu vitatu kichwani. Kila aliyekula nyumbani kwako miaka hiyo, na kila aliyekwenda shule kutoka nyumbani kwako, alikwenda kwa mikono yenu miwili, yako na ya Kageha.*

Hapo nikanyamaza.

Watu walidhani nimepoteza mstari. Osiako akasogea. Mjomba alikuwa ameinamia viatu vyake tangu jina la Mama, na shingo yake ilikuwa imevimba. Kukhu akashika mkono wa kiti, akasimama peke yake, akakataa kipaza sauti, kisha akakichukua.

"Huyu mtoto ameniachia nafasi," akasema. "Kageha aliitwa sekondari. Barua ilikuja. Mimi nikaichoma na nikamwambia hakuitwa. Ni mimi."

Nilisikia sufuria zikichemka. Bibi mmoja nyuma akasema "Yesu," polepole.

Kisha akageuka. "Hezekiah. Mimi sijui kusoma. Aliyeisoma ni wewe. Simama uwaambie ilisema nini."

Mjomba hakusimama. Gentrix alimshika kiwiko, sijui kumzuia au kumwinua. Kukhu akamnyooshea kipaza sauti, mkono ukingoja hewani. Alisubiri. Niliona jasho likitoka chini ya miwani ya Mjomba. Nilikuwa nimengoja miaka minne kuliona jasho hilo, na nilifurahi. Sitaandika uongo kwenye daftari langu mwenyewe: nilifurahi mpaka tumboni.

Akasimama. Akachukua kipaza sauti. Nilidhani atakana, au atasema alikuwa mtoto, hakumbuki. Badala yake akafumba macho na kusema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti nyembamba ya kusoma na kutafsiri darasani:

"Kwa Kageha. Tunafurahi kukujulisha kwamba umepewa nafasi ya kidato cha kwanza. Utafika tarehe nne Februari, kabla ya saa kumi jioni. Uje na blanketi moja. Sahani ya bati moja. Kikombe. Kijiko. Jembe. Sare mbili. Viatu vyeusi jozi moja. Ukichelewa kwa wiki mbili nafasi yako itapewa mtu mwingine. Hongera."

Aliitaja orodha yote bila kusita, kama mtu anayesema sala. Alipofika "hongera" akabaki amesimama na kipaza sauti kinywani. Kukhu akakichukua mkononi mwake, akakirudisha kwangu, akaketi.

"Malizia," akaniambia.

Nikamalizia:

*Maharagwe uliyopanda Machi yanakaribia. Umesema tuje Juni kuyavuna, na kila mtu aje na kikapu chake, kwa sababu vikapu vyako huwa havirudi. Tutakuja.*

Hakuna aliyepiga makofi kwanza. Kisha Dinah akapiga, na wale wanne, na wengine wakafuata. Keki ilikatwa. Watu walikula, maana watu hula. Mjomba aliondoka kabla ya wali, kwa miguu, gari lake likabaki chini ya turubai.

Nilimpelekea Kukhu sahani. Alikula paja lote. Ndipo akaniuliza, akifuta vidole, "Moyo wako umetulia sasa?"

Nikamwambia ukweli. "Bado, Kukhu."

"Hata wangu," akasema.